Tengo la madeni yenye shaka limetoka namba isiyoeleweka: tafuta chanzo kwa dalili

Hesabu yenyewe ni fupi. Unagawa madeni ya wateja kwa umri wa kuchelewa, unazidisha kila kundi kwa asilimia yake ya hasara, unajumlisha, na hapo una tengo, yaani kiasi unachokadiria hakitalipwa. Kwa sababu ni fupi, watu huiamini mapema mno. Jibu likitoka la ajabu, wa kwanza kulaumiwa huwa ni asilimia, nazo zinapunguzwa au kuongezwa mpaka namba ipendeze. Msimamo wangu ni kwamba asilimia ziguswe baada ya kuthibitisha mambo mawili: orodha ya madeni ni ya kweli, na ingizo la leja limefanywa dhidi ya salio sahihi. Makosa mengi yamo humo, na marekebisho ya asilimia huyafunika tu.

Tutatumia kampuni moja ya mfano mwanzo hadi mwisho. Inauza kwa mkopo wa siku 30 na inafunga hesabu 31 Desemba. Ripoti ya umri wa madeni iliyotoka kwenye mfumo wake ni hii:

| Umri wa kuchelewa | Deni | Asilimia | Tengo |
|---|---|---|---|
| Muda haujafika | 2,600,000 | 1 | 26,000 |
| Siku 1–30 | 1,200,000 | 3 | 36,000 |
| Siku 31–60 | 600,000 | 8 | 48,000 |
| Siku 61–90 | 350,000 | 20 | 70,000 |
| Zaidi ya siku 90 | 250,000 | 50 | 125,000 |
| Jumla | 5,000,000 | | 305,000 |

Tengo lilianza mwaka likiwa na salio la krediti la 240,000. Katikati ya mwaka madeni ya 110,000 yalifutwa dhidi yake, kwa hiyo kabla ya marekebisho ya mwisho wa mwaka lilibaki 130,000.

Dalili: gharama ya mwaka ni kubwa kupita kiasi, na tengo kwenye mizania halilingani na jedwali

Fungua akaunti ya tengo uangalie salio la mwisho. Kwa kampuni yetu, ukikuta 435,000 badala ya 305,000, chanzo kimeshajulikana: mtu ameingiza 305,000 yote kama gharama ya mwaka, juu ya 130,000 zilizokuwepo.

Jedwali la umri linakupa salio ambalo tengo linapaswa kuwa nalo siku ya kufunga hesabu. Halikupi gharama ya mwaka. Gharama ni tofauti kati ya salio hilo na lile lililokwisha kuwepo, yaani 305,000 kutoa 130,000, ambayo ni 175,000. Ingizo ni debiti gharama ya madeni yenye shaka 175,000, krediti tengo 175,000.

Kuna sura nyingine ya kosa hilihili, nayo ni ngumu zaidi kuiona. Kampuni nyingine hazifuti deni dhidi ya tengo, bali hulipeleka moja kwa moja kwenye gharama. Katika mfano wetu, hilo lingeacha tengo na 240,000 bila kuguswa, na gharama ingekuwa tayari imebeba 110,000. Marekebisho sahihi yangekuwa 65,000 tu, na gharama ya mwaka ingefika 175,000 ileile. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja iwapo utaanza na salio lililomo kwenye leja. Balaa huja zinapochanganywa: karani amefuta deni kupitia gharama, kisha mhasibu, akidhani lilifutwa dhidi ya tengo, anaingiza 175,000. Gharama inakuwa 285,000 na tengo 415,000. Kwa hiyo usikokotoe salio la kabla ya marekebisho kwa kichwa. Lisome kwenye leja, kisha fuatilia kila deni lililofutwa ujue debiti yake ilikwenda akaunti ipi.

Dalili: tengo lina salio la debiti kabla ya marekebisho

Hili huwashtua wengi, lakini peke yake si kosa. Kama madeni yaliyofutwa mwaka huu yangekuwa 290,000 badala ya 110,000, tengo lingekuwa na debiti ya 50,000, na ili kufika 305,000 ungehitaji ingizo la 355,000. Unajumlisha debiti hiyo, huitoi.

Swali lililo na maana ni kama makadirio ya mwaka jana yalikuwa madogo mno. Hapa watu hulinganisha salio la mwanzo na madeni yote yaliyofutwa, na hukumu yao inakwenda kombo. Tengo la 31 Desemba iliyopita lilihusu ankara zilizokuwepo siku hiyo tu. Mauzo ya Machi yaliyofutwa Oktoba hayakuwa na nafasi ndani yake. Tenganisha madeni yaliyofutwa kwa tarehe ya ankara kwanza, kisha uulize swali. Tutalirudia mwishoni kwa namba.

Dalili: jumla ya ripoti ya umri haikubaliani na akaunti ya wadaiwa kwenye leja kuu

Kwa kampuni yetu, ripoti inasema 5,000,000 lakini akaunti ya udhibiti ya wadaiwa inaonyesha 4,880,000. Tofauti ni 120,000. Ni asilimia 2.4 ya jumla, na kishawishi cha kuipuuza ni kikubwa. Usiipuuze. Ukubwa wa tofauti haukuambii itabadilisha tengo kwa kiasi gani, kwa sababu yote yanategemea imelala kwenye kundi gani la umri.

Hapa chanzo kilikuwa malipo ambayo hayajapangiwa ankara. Mteja alilipa benki bila kutaja ankara anazolipia. Fedha ziliingizwa kwenye leja, lakini ripoti ya umri ilichapishwa kwa chaguo linaloonyesha ankara zilizo wazi pekee, na malipo yakaachwa nje. Baada ya kuwasiliana na mteja ikajulikana kwamba 80,000 zililipia ankara zilizochelewa zaidi ya siku 90 na 40,000 zilizochelewa siku 61–90.

Ukipanga malipo hayo panapostahili, kundi la 61–90 linashuka hadi 310,000 na lile la zaidi ya 90 hadi 170,000. Tengo linapungua kwa 40,000 kutoka kundi la mwisho na 8,000 kutoka la kabla yake, na linakuwa 257,000. Tofauti ya 120,000 kwenye orodha imetikisa tengo kwa 48,000. Lakini angalia kinachotokea mfumo ukiiweka fedha hiyo kama namba hasi kwenye kundi la "muda haujafika", kwa sababu tarehe ya malipo ni ya karibuni: tengo linapungua kwa 1,200 tu. Jumla ya ripoti ingekubaliana na leja kabisa, na tengo lingebaki limepotoka. Kukubaliana kwa jumla ni lazima, ila hakutoshi.

Kwa hiyo, baada ya jumla kukubaliana, tafuta namba hasi ndani ya kila kundi. Namba hasi ya mteja anayedaiwa ni malipo au hati ya krediti inayosubiri kupangiwa ankara. Namba hasi ya mteja asiyedaiwa chochote ni fedha aliyotanguliza, na hiyo ni deni la kampuni kwake. Iondoe kwenye jedwali uipeleke upande wa madeni ya kampuni, kwa kuwa fedha aliyotanguliza mmoja haimlipii mwingine. Hasi ya 40,000 kwenye kundi la zaidi ya siku 90 inaficha tengo la 20,000.

Kama unatengeneza makundi mwenyewe kwenye Excel, kagua pia mipaka. Fomula inayosema "zaidi ya 30 na chini ya 60" inaitupa ankara iliyochelewa siku 60 kamili, na ya jirani inayosema "zaidi ya 60" haiiokoti. Andika mipaka yote miwili ikiwa ndani, hivi, ambapo safu C ni kiasi na E ni siku za kuchelewa:

```
=SUMIFS(C:C,E:E,">=31",E:E,"<=60")
```

Kisha linganisha jumla ya makundi na jumla ya safu C. Zikipishana, kuna ankara imeanguka kwenye ufa, au seli ya tarehe imehifadhiwa kama maandishi na siku hazikuhesabika.

Dalili: madeni yanaonekana kuzeeka haraka kuliko yalivyo

Uliza siku zinahesabiwa kuanzia wapi: tarehe ya ankara au tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa mkopo wa siku 30, tofauti ni kundi zima. Ankara iliyochelewa siku 15 ina umri wa siku 45 tangu iandikwe. Mfumo ukihesabu kutoka tarehe ya ankara, itakaa kwenye safu ya 31–60.

Njia zote mbili zinaweza kutumika, sharti asilimia zitokane na njia ileile. Kosa ni kuchukua asilimia zilizotafutwa kwa siku za kuchelewa na kuzibandika kwenye makundi ya umri wa ankara kwa sababu tu majina ya safu yanafanana. Ile 1,200,000 yetu ya kuchelewa siku 1–30 ingekaa kwenye safu ya 31–60 na kutozwa asilimia 8 badala ya 3. Tengo lake lingekuwa 96,000 mahali pa 36,000. Alama ya kutambulia ni rahisi: ripoti isiyokuwa na safu ya "muda haujafika", bali inaanza na 0–30, karibu kila mara inahesabu kutoka tarehe ya ankara.

Napendelea kuhesabu kutoka tarehe ya mwisho ya kulipa, hasa pale wateja wanapopewa mikopo ya siku tofauti. Mteja wa siku 60 aliye na ankara ya siku 50 hajachelewa, na kumweka kundi moja na mteja wa siku 30 aliyechelewa siku 20 ni kuchanganya tabia mbili zisizohusiana.

Dalili: kundi la zaidi ya siku 90 limeshuka ghafla, lakini benki haionyeshi malipo

Hii inastahili uangalifu kuliko zote, kwa sababu mara nyingine ni ya makusudi. Ankara ya zamani inafutwa kwa hati ya krediti, kisha inaandikwa upya kwa tarehe mpya. Labda mteja aliomba masahihisho ya anwani, labda kulikuwa na makubaliano ya kulipa polepole, au labda mtu wa mauzo hakutaka mteja wake aonekane kwenye orodha mbaya. Matokeo ni mamoja: deni bovu linavaa sura ya deni jipya.

Chapisha hati zote za krediti za miezi miwili ya mwisho na ankara mpya za wateja haohao, kisha tafuta viwango vinavyofanana. Kwa kampuni yetu ilipatikana ankara moja ya 60,000 iliyokuwa imechelewa zaidi ya siku 90, ikafutwa Desemba na kuandikwa upya siku hiyohiyo. Tukiirudisha mahali pake, "muda haujafika" inakuwa 2,540,000 na zaidi ya 90 inakuwa 230,000. Tengo linapungua 600 upande mmoja na kuongezeka 30,000 upande wa pili, na kutoka 257,000 linafika 286,400.

Deni lililopangiwa upya ratiba ya malipo lihesabiwe umri kutoka tarehe ya awali, isipokuwa mteja amekwisha kuonyesha kwa malipo halisi kwamba ratiba mpya anaifuata.

Dalili: hakuna anayeweza kueleza asilimia zimetoka wapi

Sasa orodha ni safi na tunaweza kuzigusa asilimia. Ile 1, 3, 8, 20, 50 ya kampuni yetu ilirithiwa kutoka kwa mhasibu aliyeondoka. Wengine huchukua zile za mfano wa 12 katika mifano inayoambatana na IFRS 9, ambazo ni 0.3, 1.6, 3.6, 6.6 na 10.6. Zile ni za kampuni ya kubuni, zimewekwa kuonyesha hesabu inavyokwenda. Haziwahusu wateja wako.

Njia inayofaa kwa kampuni nyingi ni kufuata madeni yanavyohama kutoka kundi hadi kundi. Chukua deni lililokuwa kundi la siku 31–60 mwisho wa mwezi mmoja, kisha angalia ni sehemu gani yake iliyoonekana kwenye 61–90 mwezi uliofuata. Iliyosalia ililipwa. Fanya hivyo kwa miezi 12 au zaidi na utafute wastani. Tuseme kampuni yetu ilipata haya: asilimia 40 ya deni lisilofika muda huingia kundi la 1–30, asilimia 40 ya hilo hufika 31–60, asilimia 50 ya hilo hufika 61–90, asilimia 40 ya hilo huvuka siku 90, na kati ya linalovuka siku 90, asilimia 50 halilipwi kamwe.

Anzia mwisho urudi nyuma. Zaidi ya siku 90 ni asilimia 50. Kundi la 61–90 ni asilimia 40 ya hiyo, yaani 20. Kundi la 31–60 ni nusu ya 20, yaani 10. Kundi la 1–30 ni asilimia 40 ya 10, yaani 4. Lisilofika muda ni asilimia 40 ya 4, yaani 1.6. Kumbe asilimia za urithi zilikuwa sahihi kwa madeni makongwe na ndogo mno kwa yale mapya, ambako ndiko fedha nyingi ziliko. Ukizidisha orodha iliyosafishwa kwa asilimia hizi unapata 40,640 na 48,000 na 60,000 na 62,000 na 115,000, jumla 325,640.

Njia hii nayo ina magonjwa yake. La kwanza ni uhamaji unaozidi asilimia 100, jambo lisilowezekana kwa kuwa deni haliongezeki kwa kuchelewa. Hutokea kwenye hatua ya mwisho: mtu amegawa salio zima la "zaidi ya siku 90" kwa deni la 61–90 la mwezi uliopita, lakini salio hilo limebeba mabaki ya miezi mingi. Hesabu tu lililoingia mwezi huo, kwa kutenga safu ya 91–120. La pili ni asilimia isiyopanda na umri, kwa mfano 61–90 kuwa na hasara ndogo kuliko 31–60. Mara nyingi mteja mmoja mkubwa alichelewa mwezi mmoja kisha akalipa lote, na wastani ukavutwa. Mtoe uhesabu tena kabla ya kuamini kwamba wateja wako wana tabia ya ajabu.

Ukikuta asilimia 0 kwenye deni lisilofika muda, jua ni mabaki ya utaratibu wa zamani. Chini ya IAS 39 hasara ilisubiri ushahidi kwamba imeshatokea. IFRS 9, iliyoanza kutumika 1 Januari 2018, inataka hasara inayotarajiwa kwa maisha yote ya deni la kawaida la biashara, kuanzia siku linapoandikwa. Inataka pia asilimia za historia zirekebishwe kwa hali iliyopo na inayotarajiwa. Ukiongeza asilimia kwa sababu hiyo, andika umeongeza kundi gani, kwa kiasi gani, na kwa ushahidi upi. "Hali ya uchumi ni ngumu" haitoshi. Kupungua kwa maagizo ya wateja wa sekta fulani, au kuongezeka kwa uhamaji wa miezi mitatu ya mwisho, kunatosha kuanzia mazungumzo na mkaguzi.

Dalili: mteja mmoja ameshika sehemu kubwa ya kundi moja

Asilimia za makundi zinafaa kwa wateja wengi wadogo wanaofanana. Katika 230,000 za zaidi ya siku 90, kampuni yetu ina mteja mmoja anayedaiwa 150,000, na ameshawekwa chini ya mfilisi. Asilimia 50 inasema nusu italipwa. Barua ya mfilisi inasema wadai wasio na dhamana watapata takriban asilimia 20. Barua imefika Januari, lakini kwa IAS 10 kufilisika kwa mteja baada ya tarehe ya kufunga hesabu kwa kawaida huthibitisha hali iliyokuwepo siku ile, kwa hiyo inaingia kwenye hesabu za Desemba.

Mtoe kwenye jedwali umpime peke yake. Na unapomtoa, mtoe mzima. Mteja huyu ana ankara nyingine za 50,000 kwenye kundi la 31–60, nazo zinafilisika pamoja naye. Deni lake lote ni 200,000, linalotarajiwa kupatikana ni 40,000, na tengo lake ni 160,000. Kundi la 31–60 linabaki na 550,000 na lile la zaidi ya 90 na 80,000. Jedwali sasa linatoa 40,640 na 48,000 na 55,000 na 62,000 na 40,000, jumla 245,640. Ukijumlisha na yule mmoja, tengo ni 405,640.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza 160,000 juu ya 325,640 bila kumwondoa kwenye makundi. Tengo linakuwa 485,640, na 80,000 zimehesabiwa mara mbili: 75,000 kwenye kundi la mwisho na 5,000 kwenye 31–60. Kipimo cha haraka ni kujumlisha madeni ya jedwali na madeni ya wateja waliopimwa mmoja mmoja. Jumla lazima irudi 4,880,000 ya leja. Ikizidi, kuna mtu yumo mara mbili.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Ukiwa na desturi ya kuwatoa wateja waliofilisika, watoe pia kwenye miezi ya nyuma uliyotumia kutafuta asilimia. La sivyo hasara zao zinabaki ndani ya asilimia za wateja wa kawaida, huku unazihesabu pembeni kwa mara nyingine.

Ingizo la mwisho, na kipimo cha makadirio ya mwaka uliopita

Tengo linalotakiwa ni 405,640 na lililopo kwenye leja ni 130,000. Debiti gharama 275,640, krediti tengo 275,640. Mteja aliyefilisika hafutwi bado. Akaunti yake inabaki kwenye leja ya wadaiwa hadi matumaini ya kupata chochote zaidi yaishe, na siku ya kufuta, debiti inakwenda kwenye tengo na krediti kwa mteja, bila kugusa gharama.

Bosi atauliza mbona gharama imepanda kutoka 175,000 za makadirio ya kwanza. Jibu lipo hatua kwa hatua: malipo yaliyopangwa yalipunguza 48,000, ankara iliyoandikwa upya ikaongeza 29,400, asilimia mpya zikaongeza 39,240, na mteja aliyefilisika akaongeza 80,000. Jumla ya mabadiliko ni nyongeza ya 100,640. Weka mnyororo huu kwenye faili la kufunga mwaka. Mkaguzi atauomba.

Kisha lirudie lile swali la mwaka jana. Kati ya 110,000 zilizofutwa, ankara zilizokuwepo 31 Desemba iliyotangulia zilikuwa 70,000. Nyingine 40,000 zilitokana na mauzo ya mwaka huu. Katika orodha ile ya zamani bado hazijalipwa 190,000: zile 150,000 za mteja aliyefilisika, ambazo tengo lake ni 120,000, na 40,000 za wengine waliochelewa zaidi ya siku 90, ambazo kwa asilimia 50 ni 20,000. Hasara iliyothibitika na inayotarajiwa kutoka orodha ya zamani ni 70,000 na 140,000, yaani 210,000, dhidi ya tengo la 240,000. Makadirio yalizidi kwa 30,000.

Lakini ndani ya 210,000 hizo, 120,000 ni za mteja mmoja. Bila yeye, wateja wengine wote wa orodha ile wamesababisha hasara ya 90,000 tu. Kwa hiyo jumla iliyokaribiana na makadirio si ushahidi kwamba asilimia za zamani zilikuwa nzuri kwa kila kundi. Na kuna la kufanyia kazi kabla ya mwaka kufungwa tena: ankara zilizodumu mwaka mzima bila kulipwa zimewekwa safu moja na zilizovuka siku 90 juzi. Gawa safu hiyo iwe 91–180, 181–365 na zaidi ya 365, kisha anza kukusanya uhamaji wa kila moja kuanzia Januari, ili ifikapo Desemba pawe na miezi 12 ya kutafutia wastani.